Kartoni Mia Moja na Thelathini na Moja

Ripoti ya kwanza niliyoiandika maishani niliipenda kama mtu anavyopenda kiatu kipya. Niliichapa mara tatu kwenye karatasi nyeupe kabisa, nikaifunga kwa plastiki, na kabla ya kumpelekea patron, bosi wetu, niliiweka mezani na kuitazama. Mistari yote ilikuwa imenyooka. Sikujua kwamba mstari wa kwanza juu kabisa ulikuwa ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa karani katika depo moja ya vyakula na sabuni upande wa Birere, hapa Goma. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa karani, mjukuu wa karani, familia ya Wakatoliki waliotoka upande wa Bukavu na kuleta kalamu zao. Baba alikuwa akisema kwetu hatukurithi shamba, tulirithi mwandiko. Basi nikaingia kazini nimejaa mwandiko huo kichwani, na kompyuta juu yake, nikidhani dunia nzima ni meza.

Depo ilikuwa mikononi mwa mama mmoja wa Rutshuru, magazinye wetu, yaani mtunza ghala. Alikuwa amepita miaka hamsini, mfupi, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa nguvu, na chaki nyeupe daima kwenye mfuko wa blauzi. Funguo za depo alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa amefanya kazi ile tangu patron akiwa na chumba kimoja tu cha mbao. Hakujua kuwasha kompyuta na hakutaka kujua, lakini ukimwuliza bidoni za mafuta zimebaki ngapi, alikuwa anakutajia huku akikupa mgongo.

Nitaeleza kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa aibu yangu. Kila miezi sita tulifunga depo siku moja kwa inventaire, yaani kuhesabu mali yote kwa mikono. Siku hiyo hakuna kinachoingia wala kutoka. Unaandika namba ya boni, yaani hati, ya mwisho ya kuingiza na ya mwisho ya kutoa, ili usije ukahesabu gari la leo kwenye daftari la jana. Karatasi za kuhesabia zina majina ya bidhaa tu. Namba za kompyuta hazimo, ili anayehesabu asiandike kile anachotaka kukiona. Watu wawili wanahesabu kila mmoja kivyake. Wakitofautiana, wanarudia. Halafu namba za karatasi zinakaa kando ya namba za kompyuta, na tofauti ndiyo pengo. Unazidisha pengo kwa bei tuliyonunulia, unayapanga yote kuanzia kubwa hadi dogo, na patron anasoma ya juu kwanza. Pakiti mia tatu za biskuti zikipotea zinaweza kukaa chini ya mifuko sita ya sukari, kwa sababu bei ndiyo inayopanga foleni.

Hayo yote nilifundishwa shuleni. Mama alinifundisha yaliyobaki. Siku zangu za mwanzo nilimkimbilia na habari kwamba viberiti vya pakiti kubwa vimepungua kartoni arobaini. Hakuinua hata uso.

"Angalia bya kidogo," akaniambia.

Nikaangalia. Viberiti vya pakiti ndogo vilizidi kartoni arobaini.

"Hakuna mwizi anaiba kikubwa anarudisha kidogo. Ni mutu wa kuandika faktire za kuuza alibofya pembeni."

Tena kulikuwa na mali iliyokwisha kulipwa na wachuuzi wa mji wa Kiwanja, wakaiacha kwetu wakingojea gari au barabara. Kompyuta ilikuwa imekwisha kuitoa, lakini kwa macho bado unaiona. Mgeni angeihesabu kuwa yetu na kushangilia. Mama aliifunga uzi mwekundu, kila mzigo na karatasi ya mwenyewe, na ole wako uguse. Nilimwona akimfukuza mtu mzima aliyekalia gunia lenye uzi mwekundu. "Hiyo ni ya mutu," akamwambia, "na mwenyewe hayuko hapa ya kukukataza, basi miye ndiye nakukataza." Nilimpenda kwa hilo. Sikumwambia, kwa sababu wakati ule nilidhani heshima ni kitu unachowapa watu wa biro, yaani wa ofisini.

Alihesabu kwa Kinyarwanda, polepole, chini ya pumzi, na kila kartoni aliigusa kwa chaki. *Rimwe, kabiri, gatatu.* Alisema namba za nyumbani hazichanganyikani na kelele za soko. Mimi nilihesabu kwa Kifaransa na kikokotoo.

Sasa nije kwenye ripoti yangu nzuri.

Miezi hiyo barabara ya Bunagana ilikuwa na matatizo yake, magari ya sabuni hayakufika, na siku ya inventaire sabuni ya mche ilikuwa imebaki kidogo, rundo moja la chini pembeni mwa ukuta. Watu wawili waliihesabu mmoja mmoja, wote wakapata kartoni sitini na moja. Kompyuta ilikuwa inasema mia moja tisini na mbili. Pengo: mia moja na thelathini na moja. Nilipopanga orodha, sabuni ilipanda juu ikakaa, na pengo la pili, la mafuta, lilikuwa mbali chini yake. Nilihisi fahari, nakiri. Daktari aliyepata ugonjwa hawezi kuficha furaha yake, hata kama mgonjwa analia.

Chini ya orodha kulikuwa na nafasi ya maoni ya karani. Mkono wangu wenye urithi wa mwandiko ukaandika hivi, kwa Kifaransa: *Magazinye anaonyesha dalili za kusahau kutokana na umri. Ni vema kufikiria mtu mwingine.*

Sikuyatoa hewani maneno hayo. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimemwona mama amebadilika. Alikuwa anafika depo kabla ya mlinzi kufungua geti. Mara nilimkuta anahesabu sabuni asubuhi, na mchana tena anaihesabu ile ile. Alifunga kipande cha uzi kwenye kidole, na nilipomwuliza ni cha nini, akasema ni cha kumkumbusha, bila kusema anakumbuka nini. Mara mbili alikuja biro, akasimama mlangoni, akauliza jambo lile lile, la inventaire iliyotangulia hii.

"Mamzeli, ile sabuni ya inventaire ya kwanza. Ilikuwa vile kweli, elfu mbili mia moya na makumi sita?"

"Mama, ndivyo ilivyo kwenye mashini. Mashini haidanganyi."

"Ndiyo, mamzeli," akajibu, akarudi zake.

Nilimhurumia kidogo, kama mtu anavyomhurumia bibi anayetafuta miwani iliyo kichwani kwake. Mungu anisamehe.

Patron alikuwa mtu wa maneno machache. Alisoma ripoti amesimama. Alipofika kwenye maoni yangu alikaa. Halafu akatuma mama aitwe, akamgeuzia karatasi, na kidole chake kikawa juu ya mstari wa kwanza.

"Mama, sabuni mia moya makumi tatu na moya. Iko wapi?"

Mama alitazama karatasi. Hakujua kusoma sana Kifaransa, lakini namba alizisoma, na jina la kazi yake alilijua lilivyoandikwa. Sijui kama alielewa maneno yale mengine. Mimi nilitazama dirishani.

"Sijue, patron," akasema. "Lakini sikuiba."

"Miye sikusema umeiba. Tumetoka mbali na weye. Lakini mulango iko na funguo moya, na funguo iko ku shingo yako. Siku ya tano, saa ine asubui, unipatie maelezo. Kama hakuna maelezo, unaweka funguo hapa ku meza."

Ilikuwa Jumanne, na siku ya tano kwetu ndiyo Ijumaa. Alikuwa na siku tatu. Nyumbani kwake, alikuwa na binti mjane na wajukuu wanne waliokimbia toka upande wa Rutshuru, wote wakila kutoka kwenye mlango ule. Lakini nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba si hilo lililomfanya atoke biro akishika ukuta. Mtu wa depo akirudishwa nyumbani kwa sababu ya pengo, hakuna depo nyingine Goma itakayompa hata ufagio. Jina lake linatangulia kufika.

Jumatano hakusema na mtu. Alipekua boni zote za miezi sita, moja moja, akiwa amekaa juu ya bidoni iliyopinduliwa, na mimi nikizunguka karibu nikijifanya natafuta kitu. Alikuwa sahihi katika kila boni. Niliziangalia baada yake, kwa siri, nikitumaini kukuta kosa, kwa sababu kosa lingekuwa maelezo. Hakukuwa na kosa hata moja. Hapo roho ilianza kuniuma. Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hii ilikuwa na daftari safi kuliko la kwangu, na bado imepotea.

Alhamisi asubuhi gari likafika. Barabara ilikuwa imefunguka, na kama kawaida hakuna aliyetuambia. Gari zima la sabuni toka Bunagana, limejaa vumbi, na wapakuzi wakaanza kupiga kelele za bei getini. Nilidhani mama atakaa na boni zake. Siku moja ilikuwa imebaki, nani angemlaumu? Alisimama, akafunga kitambaa chake upya, akachukua chaki.

"Mama, acha leo tusimamie sisi," nikamwambia.

"Munajua kupanga sabuni?"

Nikatazama viatu vyangu vya kisigino.

"Basi. Kesho ni ya Mungu. Leo sabuni isilale fasi mubaya."

Nikakaa pale kumtazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Biro yangu ina dirisha linalotazama barabara, si depo. Wapakuzi walileta kartoni mabegani, na yeye akawaonyesha kwa chaki kila moja ikae wapi. Aliweka mbao kwanza, kwa sababu sakafu yetu ni ya mawe ya volkeno, na wakati wa mvua inatoa unyevu chini. Kisha safu ya kwanza: kartoni sita upande huu, tano upande ule. Zilipaswa kuwa thelathini. Lakini katikati aliacha nafasi ya kartoni mbili, wazi. Safu ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Mpakuzi mmoja mgeni akataka kuziba lile tundu, na mama akampiga mkono kama mtu anayeiba nyama chunguni.

"Mama," nikauliza, "mbona unaacha tundu?"

"Sabuni inapumuaka. Inatoka ku kiwanda na maji ndani. Ukiifunga kote, ya katikati inatoka jasho, kartoni inakuwa laini, na rundo yote inainama. Fasi ya kupumua iko lazima."

"Na juu?"

"Juu ninafunga. Vumbi isiingie, na panya asilale."

Safu saba zenye tundu. Safu ya nane ilikuwa kamili, kama kifuniko. Rundo likasimama refu kuliko mtu, limenyooka pande zote, zuri kama ukuta wa kanisa. Ungeweza kulizunguka mara kumi usijue kwamba ndani lina kisima.

"Na kila siku unapanga hivi?"

"Miaka yote."

Halafu akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia patron, kwa sababu patron hakuuliza.

"Mamzeli, hii mambo inanichosha. Kama ni mwizi, ni mwizi gani? Tangu ile inventaire ya kwanza ninahesabu kila siku ya kwanza ya juma. Kila mara inakosa mia moya makumi mbili na sita. Mia moya makumi mbili na sita, wiki zote. Mwizi anaiba siku moya, na kisha anapumzika miezi sita?"

 Sikuwa nimeelewa bado, lakini macho yangu yalikwisha kuanza kuhesabu. Nilitazama rundo. Nilitazama ukubwa wake kwa mbele, sita. Kwa ubavu, tano. Kwa kwenda juu, nane. Na nikajiona mimi mwenyewe miezi sita iliyopita, nikiwa na wiki tatu tu kazini, nimesimama karibu na mlango wa depo hii hii na kikokotoo mkononi.

Siku ile ya inventaire ya kwanza, gari la mafuta lilikuja bila taarifa, na mama alishinda getini kulipokea. Tulipaswa kulizuia gari; tulishindwa. Mimi niliachiwa sabuni. Marundo tisa. Ningehesabu kartoni elfu mbili moja moja, na ilikwisha kuwa mchana, na nilikuwa na viatu vya kisigino? Sita mara tano mara nane: mia mbili na arobaini. Mara tisa: elfu mbili mia moja na sitini. Dakika mbili kazi imekwisha. Mwenzangu wa mauzo, aliyepaswa kuhesabu kivyake, alinyoosha shingo akanakili karatasi yangu. Tukaweka sahihi mbili chini ya hesabu moja, tena hesabu ya mtu asiyegusa kitu.

Nilikimbia biro. Sikutembea, nilikimbia, na visigino vyangu vikagonga sakafu yote. Nikatoa karatasi ya zamani kwenye jalada. Ilikuwa pale, kwa mwandiko mzuri wa ukoo wetu: *240 × 9 = 2160.* Kando yake, namba ya kompyuta siku ile kabla hatujaigusa: 2034. Tundu la kartoni mbili, safu saba, ni kumi na nne. Kumi na nne mara tisa ni mia moja ishirini na sita. Toa kwenye elfu mbili mia moja na sitini.

Elfu mbili thelathini na nne. Kompyuta ilikuwa sahihi. Mama alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeingia katikati yao na kuwagombanisha.

Siku ile tulishangilia. Ninakumbuka patron akicheka kwamba sabuni imezaa. Pengo la kupungua lilirudiwa kuhesabiwa mara mbili, tatu; pengo la kuzidi halimwumi mtu, basi hakuna aliyelirudia. Nikasema kwamba pengine kuna gari lililosahauliwa kuingizwa, kompyuta ikasahihishwa iseme elfu mbili mia moja na sitini, na mama akaletewa karatasi atie sahihi. Alikataa kidogo. "Haiwezi," alisema. Akaonyeshwa sahihi mbili. Akataka kuhesabu upya kesho yake, lakini kesho alfajiri wachuuzi wa Kiwanja waliondoka na marundo mawili, na hesabu ile haikuweza kurudiwa tena. Akatia sahihi. Tangu siku hiyo alilinda kartoni mia moja ishirini na sita ambazo hazikuwahi kuzaliwa.

Sitajifanya mtakatifu. Nilikaa na karatasi ile mbele yangu muda mrefu. Hakuna aliyejua ila mimi. Ningeweza kuirudisha kwenye jalada, na kesho saa nne funguo zingewekwa mezani, na ripoti yangu ingebaki nzuri. Nililia, na sehemu ya machozi yale ilikuwa ya kujionea huruma. Kilichoniinua si ujasiri. Ni yale maneno niliyoyaandika chini, *dalili za kusahau.* Sikuweza kuyatazama.

Ijumaa nilifika na karatasi mpya. Sikufuta pengo: sabuni bado ilikuwa na upungufu wa mia moja na thelathini na moja, hiyo ndiyo kweli ya siku ya kuhesabu, na ripoti haifutwi. Lakini niligawa mstari wake sehemu mbili. Mia moja ishirini na sita: kosa la inventaire iliyopita, aliyehesabu ni karani. Tano: bado hazijaelezwa. Ukipanga foleni upya kwa hizo tano tu, sabuni ilishuka toka nafasi ya kwanza hadi ya kumi na saba, chini ya biskuti. Na mahali pa maoni nilipiga mstari juu ya maneno yangu, yasomeke bado kwamba yalikuwepo, nikaandika kwamba karani anayafuta na kuomba radhi.

Mama alikuwa amekwisha kuvua funguo. Zilikuwa mkononi mwake, na shingoni palikuwa na alama ya kamba.

"Patron, maelezo yapo," nikasema, na sauti yangu ikawa ndogo. Nikaeleza yote, tundu, mlango, kikokotoo. Nilieleza kwa kumtazama patron, kwa sababu sikuweza kumtazama mama.

Patron alisoma. Akatoka mwenyewe, akaenda depo, akapanda ngazi, akaondoa kartoni mbili za juu za rundo jipya na kuchungulia kisimani. Tulimsubiri. Aliporudi alikuwa na vumbi la kartoni kwenye tai.

"Nani alihesabu siku ile?"

"Ni miye, patron."

"Peke yako?"

"Ndiyo. Mwenye ile sahihi ingine alinakili yangu."

Akaiweka karatasi mezani. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, unisamehe. Vaa funguo yako. Sabuni imekwisha, tunaipiga mustari yote."

Hapo ndipo ningeondoka mimi kama ningekuwa yeye, nikimshukuru Mungu. Mama hakusogea.

"Patron, haiyakwisha. Tano ingali."

"Tano ni kitu gani?"

"Ilikuwa juma ile ya inventaire. Tatu mvua iliingia ku mabati, ikayeyuka. Nilizitupa bila kuandika boni, nilikuwa nimechanganyikiwa na hii mambo, niliona haya kuongeza upungufu juu ya upungufu. Ni kosa yangu. Mbili sijue. Muandike: tatu zimeharibika, mbili magazinye hajue. Hizo ni zangu."

"Mama, kwa kartoni mbili?"

"Kama munaandika ya mamzeli, muandike na yangu."

Patron akaandika mwenyewe, kwa kalamu yake, huku akitikisa kichwa. Kwangu aliamua nisifukuzwe, bali niende depo miezi mitatu chini ya mama, nijifunze kugusa mali. Wenzangu wa biro waliona ni adhabu kubwa. Mpaka leo, kila nikiandika cheo changu mahali, najua kwamba elimu yangu niliipata kwenye ile miezi mitatu, nikiwa na chaki mkononi na viatu vya chini.

Lakini ninachotaka kusema ni cha siku ile ile, tulipotoka biro. Nilimfuata mama mpaka depo. Nilitaka kupiga magoti. Sakafu ya volkeno ilinikatisha tamaa, nikabaki nimeinama nusu, kitu cha kuchekesha.

"Mama, unisamehe. Nilikuandikia mambo mabaya."

 Alikwenda kwenye msumari ambapo fishi ya sabuni, ile kadi ya hesabu yake, ilining'inia, akaigeuza, akanionyesha nyuma. Kulikuwa na safu ndefu ya namba ndogo za penseli, wiki baada ya wiki. Kila hesabu aliyofanya peke yake asubuhi, miezi sita. Zote zilikuwa sahihi, kuanzia 2034 kushuka. Na pembeni mwa kila moja aliandika namba ya kompyuta yangu, na pembeni mwa namba yake mwenyewe aliweka msalaba mdogo.

"Huu musalaba ni wa nini, mama?"

"Ni wa kosa. Nilikuwa nikiandika kosa yangu."

Nikaelewa uzi wa kidoleni, na kufika kabla ya mlinzi, na kusimama mlangoni kwangu. Kila wiki alihesabu vizuri, akatazama karatasi yenye sahihi mbili, akajihukumu.

"Mama yangu mwenyewe alizeeka vile," akasema taratibu. "Alianza kwa kusahau mbuzi ngapi. Kisha alisahau sisi. Nilimwambia binti yangu, sasa ni zamu yangu. Nilimuonyesha fasi nimeweka karatasi za kiwanja, ili nikisahau, yeye ajue. Nililala nikihesabu majina ya bajukuu."

 Nilishika ile fishi kwa mikono miwili, nikalia mbele ya wapakuzi wote.

Na yeye akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea rundo, kitambaa kikamlegea, na akajipigapiga kichwani kwa kiganja kilichojaa chaki, nywele zikawa na alama nyeupe.

"Kumbe iko nzima," akasema. "Ee Mungu. Kichwa yangu iko nzima."